Usihame kabla mwenye nyumba hajasaini kukutoa kwenye mkataba

"Wakuu, tumepanga nyumba watatu hapa Kigoma, mkataba mmoja, umebaki miezi saba. Nimepata kazi Kasulu, nataka kuondoka mwezi ujao. Nikishalipa sehemu yangu si nimemaliza?"

Hujamaliza! Tulia hapohapo, usipakie hata godoro.

Mimi dalali aliniambia maneno hayohayo, "lipa chako, waachie wenzio funguo, basi", na hela yake ya udalali alishakula zamani. Nyumba ilikuwa Mwanga, laki tatu kwa mwezi, laki moja kila mtu, tunalipa kila miezi mitatu. Nikahamia Uvinza kikazi, mwenzetu mwingine naye akapotea na simu hapokei, akabaki mmoja. Awamu ya laki tisa ilipofika yule aliyebaki akatoa laki tatu zake, halafu mzee mwenye nyumba akanidai mimi laki sita zote, kwa sababu anajua nina mshahara na anajua ninakofanya kazi. Nikamwambia nilishahama, akafungua mkataba akaniwekea kidole kwenye mstari: "wapangaji watawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake kulipa kodi yote." Saini yangu iko chini yake. Nililipa. Yule dalali nikimpigia ananiambia hayo ni yenu na mwenye nyumba, yani mtu anakupotosha kwa kujiamini kabisa halafu anakata simu!

Na usiseme wa kwenu hauna huo mstari. Kwa Sheria ya Mikataba, watu wakiahidi kitu pamoja, anayedai anaweza kumbana yeyote kati yao atimize chote, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Huo mgawanyo wa kila mtu alipe ngapi mmepangiana nyinyi, mwenye nyumba haumfungi. Faida yake ni kwamba ukilipa zaidi ya fungu lako unaweza kumdai mwenzio, mimi laki tatu kati ya zile sita ni za yule aliyepotea na ni haki yangu kumdai, ila kumdai mtu usiyejua alipo ni kazi nyingine.

Kwa hiyo tafuta mtu wa kuchukua chumba chako, mpeleke kwa mwenye nyumba amkubali, kisha muandike nyongeza ya mkataba: fulani ametoka kuanzia tarehe hii na hadaiwi kodi ya baada ya hapo, fulani ameingia, dhamana yako unarudishiwa na nani. Wasaini wote, mwenye nyumba, wanaobaki, anayeingia na wewe, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ubaki na nakala. Makubaliano ya kwenye grupu la wasapu yatakusaidia kuwadai wenzio tu, kwa mwenye nyumba hayakutoi. Akigoma kusaini, bado wewe ni mpangaji mpaka miezi saba iishe hata ukilala Kasulu, kwa hiyo kabla ya kuondoka pigia hesabu kodi nzima ya nyumba, si fungu lako. Na funguo usimwachie mwenzio, mkabidhi mwenye nyumba siku hiyohiyo mnayosaini na iandikwe humohumo kwamba amezipokea.