Deni lililokufa na deni linaloumwa

Nauza mabati na saruji kwa jumla hapa Morogoro. Mteja mmoja namdai 2,600,000. Amefunga fremu, na simu haipatikani tangu Julai. Mhasibu anataka kulifuta deni, lakini mimi naona kulifuta ni kumsamehe. Nisubiri kwanza?

Usisubiri, dada. Kulifuta deni kwenye vitabu hakumwondolei mteja wajibu wa kulipa. Ankara alizosaini ni zako bado, na ukimkuta kesho sokoni unamdai kama kawaida. Vitabu vinajibu jambo jingine kabisa: katika fedha unazowadai watu Desemba 31, ni kiasi gani kitaingia mkononi? Kiasi ambacho unajua hakitaingia hakina haki ya kukaa kwenye mizania kikijiita mali.

Hesabu ulizonitumia zinaonyesha jumla ya wadaiwa ni 48,600,000. Unadebiti akaunti ya madeni yasiyolipika 2,600,000, unakrediti akaunti ya mteja huyo kiasi hichohicho. Akaunti yake inabaki sifuri na jumla ya wadaiwa inashuka hadi 46,000,000. Usiguse mauzo. Nimeona maduka mengi yanayopunguza mauzo badala ya kuandika hasara, kana kwamba mabati hayakuwahi kutoka ghalani. Yalitoka. Uliuza vizuri, ukakopesha vibaya, na hayo ni mambo mawili yanayotakiwa kuonekana mbalimbali.

Kabla ya kufuta, weka kwenye faili vitu vinavyoonyesha deni limekufa kweli: nakala za ankara, barua ya madai na tarehe uliyoipeleka, maelezo ya aliyekwenda kwenye fremu akaikuta imefungwa. Kisha liandike jina lake kwenye daftari la pembeni la madeni yaliyofutwa, ili mwaka kesho asije akachukua mzigo kwa mkopo kwa muuzaji wako mpya asiyemjua.

Mhasibu huyohuyo ameweka tena tengo la madeni yenye mashaka, 2,850,000. Mwaka jana liliwekwa 2,100,000. Hizi 2,850,000 zote zinakula faida ya mwaka huu? Na mbona akaunti za wateja hazikupungua hata shilingi?

Nianze na swali la mwisho, maana ndilo kiini. Deni la yule wa fremu limekufa, na unajua jina la marehemu. Hizi 46,000,000 zilizobaki zina wagonjwa ndani yake, ila hujui nani atapona. Huwezi kupunguza akaunti ya mteja fulani kwa sababu tu huenda asilipe. Ukifanya hivyo utamtumia taarifa yenye kiasi kidogo kuliko anachodaiwa, naye atalipa hichohicho kidogo, na atakuwa na karatasi yako ya kujitetea. Kwa hiyo kila mteja anabaki na deni lake kamili, na mashaka yanawekwa kwenye akaunti ya peke yake, yaani tengo, yenye salio la krediti. Kwenye mizania vinakutana: wadaiwa 46,000,000, toa tengo 2,850,000, unabaki na 43,150,000.

Sasa faida. Tengo la 2,100,000 lilishakula faida ya mwaka jana, na lingalipo kwenye leja. Mwaka huu unaliongezea tu lifike panapotakiwa, nayo nyongeza ni 750,000. Hiyo ndiyo unayoidebiti kwenye gharama na kuikrediti kwenye tengo. Ukichukua 2,850,000 nzima utakuwa umetoza 2,100,000 mara mbili. Kosa hili linajitambulisha lenyewe: tengo kwenye urari litasoma 4,950,000 wakati karatasi ya hesabu inasema 2,850,000.

Gharama yote ya mwaka ni 2,600,000 za deni lililofutwa na 750,000 za nyongeza, yaani 3,350,000. Wahasibu wengine hawapeleki deni lililofutwa moja kwa moja kwenye gharama, wanalitoa ndani ya tengo. Ukifuata njia yao, 2,100,000 ukitoa 2,600,000 unapungukiwa 500,000. Ili tengo lisimame kwenye 2,850,000 lazima uongeze 3,350,000. Jibu ni lilelile. Chagua njia moja, ukae nayo.

Na kama mwakani wateja watalipa vizuri, tengo linalohitajika likashuka hadi 2,000,000, basi 850,000 zinarudi kwenye faida. Unadebiti tengo, unakrediti gharama.

Hizo asilimia anazitoa wapi? Kwa wadaiwa wa siku 0 hadi 30 kaweka 1, siku 31 hadi 60 kaweka 5, siku 61 hadi 90 kaweka 15, na waliopita siku 90 kaweka 50. Mbona asiweke 5 kwa wote?

Mhasibu wako anaijua kazi yake, na nimefurahi kuona hakuokota namba hewani. Nimepitia daftari ulilotuma. Alichukua mauzo ya mkopo ya mwaka mmoja uliopita, 240,000,000, akayafuata hadi mwisho. Shilingi ambazo hazikuja kabisa zilikuwa 2,400,000. Kisha akauliza: katika mauzo yale, ni kiasi gani kilivuka siku 30 bila kulipwa? Ni 48,000,000. Zilizovuka siku 60 ni 16,000,000, na zilizovuka siku 90 ni 4,800,000.

Hasara ni ileile moja, 2,400,000, kwa sababu kila deni lililokufa lilipita madirisha yote hayo kabla ya kufa. Igawe kwa mauzo yote upate asilimia 1. Igawe kwa 48,000,000 upate 5, kwa 16,000,000 upate 15, na kwa 4,800,000 upate 50. Deni likivuka siku 90 katika duka lako, nusu yake haiji. Hilo lilikuwa kwenye daftari siku zote.

Mwisho wa mwaka anazipeleka asilimia hizo kwa wadaiwa waliopo. Wa hadi siku 30 wana 30,000,000, tengo lao 300,000. Wa hadi siku 60 wana 9,000,000, tengo 450,000. Wa hadi siku 90 wana 4,000,000, tengo 600,000. Waliopita hapo wana 3,000,000, tengo 1,500,000. Jumla ni 2,850,000. Hata kiwango cha kimataifa cha IFRS 9, kilichoanza kutumika Januari 1, 2018, kinaruhusu jedwali la namna hii kwa wadaiwa wa biashara, ila kinadai pia uangalie mbele. Kama wateja wako wengi ni wakulima wa mpunga na mvua zimegoma, asilimia za mwaka mzuri zitakudanganya.

Asilimia 5 kwa wote ingekupa 2,300,000, na kibaya zaidi ingekupa jibu hilohilo hata kama wateja wote wangekuwa wamevuka siku 90.

Angalia mambo mawili hapa. Kwanza, deni lililokufa liondolewe kabla ya kupiga asilimia. Zile 2,600,000 zingebaki kwenye kundi la mwisho, zingeongezewa tengo la 1,300,000 juu ya hasara ambayo umeshaiandika yote. Pili, hesabu umri kuanzia tarehe ya ankara yenyewe, si tarehe ya malipo ya mwisho. Mteja anayeleta 50,000 kila mwezi juu ya deni la miezi saba anaonekana kijana kwenye orodha, kumbe mzee.

Mwanza. Tulifuta deni la 1,500,000 mwaka juzi. Wiki iliyopita mteja kaja na 800,000 taslimu. Karani kaziandika kama mauzo. Sawa?

Si sawa, kaka. Hakuna kilichouzwa wiki iliyopita, na ukiziacha hapo faida ghafi yako itavimba bila mzigo kutoka.

Mrudishe kwanza mteja kwenye leja: debiti akaunti yake 800,000, krediti akaunti ya madeni yaliyofutwa na kulipwa. Halafu pokea fedha: debiti fedha taslimu, krediti akaunti ya mteja. Akaunti yake inarudi sifuri, lakini sasa historia inasema alilipa 800,000. Siku akiomba mkopo tena utaiona. Kama ana mpango wa kumaliza zile 700,000, na una sababu ya kumwamini, unaweza kurudisha deni zima, ila mimi husubiri nione fedha.

Nikuulize nawe: nani anaidhinisha kufuta deni hapo dukani? Niliwahi kukagua duka moja ambako anayepokea fedha ndiye aliyekuwa akifuta madeni. Wateja walilipa, yeye akaweka mfukoni, kisha akaandika hawapatikani. Tulimgundua kwa kuwapigia simu wateja kumi wa kwanza kwenye orodha ya waliofutwa. Wanne walikuwa na risiti.

Mombasa. Mteja anakataa kulipa KSh 36,000 kati ya 540,000, anasema katoni nane kati ya 120 zilifika zimeloa. Naweza kuziweka kwenye tengo?

Hapana. Anazo fedha, anabishia mzigo. Kagua katoni, zikiwa zimeloa kweli, mpe hati ya krediti ya 36,000 uziandike kama bidhaa zilizorudishwa, zipunguze mauzo. Tengo ni la anayekubali deni lakini huenda asiweze au asitake kulipa. Ukiuchanganya ubishi na mashaka, mwaka ujao asilimia zako zitasema wateja hawalipi, wakati tatizo ni turubai la lori.

Dodoma. TRA wanakubali tengo hili kama gharama?

Tengo la jumla, hapana. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kinachokubalika ni deni ambalo lilishaingizwa kwenye mapato yako, ukachukua hatua zote za busara kulidai, na una sababu za kuamini halitalipwa. Makadirio ya asilimia hayajafika hapo.

Chukua mfano wa yule dada wa Morogoro. Kwenye vitabu ana gharama ya 3,350,000. Kwenye hesabu ya kodi anairudisha nyongeza ya tengo, 750,000, juu ya faida. Zile 2,600,000 anaziacha, mradi faili lile lenye barua ya madai lipo. Na mwaka ambao tengo litapungua, kiasi kilichorudi kwenye faida anakitoa kwenye hesabu ya kodi, kwa sababu kilipoingia hakikumpa nafuu yoyote. Hiki cha mwisho husahaulika sana, na mtu hulipia kodi fedha ambazo hazikuwahi kupunguzwa.