Neti ikikatika kwako peke yako

*"Assalamu alaykum. Nina duka la nguo hapa Wete, na mauzo yangu mengi huyaacha kwenye simu. Juzi jirani yangu neti ilimkatika mchana, akadhani ni mnara. Jioni akakuta pesa zote hazipo. Anaapa hakumpa mtu namba ya siri. Limewezekanaje hili, na mimi nitajuaje mapema?"*

Waalaykumu salaam dada yangu, na mpe pole jirani.

Pesa za simu zimefungwa kwenye namba yako, hazimo ndani ya kile kikadi. Ndiyo maana simu ikipotea unarudishiwa laini na pesa unazikuta. Mwizi hutumia njia hiyohiyo: anadai ni wewe, laini imepotea, anaomba mpya. Mpya ikiwashwa, ya kwako inazimwa, na tangu hapo kila meseji na kila simu inakwenda kwake.

Kurudisha laini kunahitaji namba ya NIDA na alama ya kidole, kwa hiyo mara nyingi kuna mkono wa mtu wa ndani, au kidole chako kilichukuliwa kwa hila. Jihadhari na msajili wa barabarani anayekwambia "haijasoma, weka tena", mara tatu, mara nne. Umeweka kidole kwa laini moja, kumbe kinatumika kwa jambo jingine.

Bado anahitaji namba ya siri. Hapa ndipo jirani yako anaweza kuwa anasema kweli na bado akaibiwa. Nilimsaidia mfanyabiashara mmoja wa dagaa Chake Chake ambaye naye aliapa hivyohivyo. Tulipokaa tukayapitia, akakumbuka simu ya siku mbili nyuma: kijana mwenye adabu, anamwita kwa jina lake kamili, anamtajia mpaka muamala wake wa mwisho, anamwambia akaunti inahakikiwa. Akaulizwa mwaka wa kuzaliwa. Namba yake ya siri ilikuwa mwaka huohuo wa kuzaliwa. Wengine hawabahatishi hata kidogo: hupiga huduma kwa wateja, wakajibu maswali ya utambulisho kwa taarifa walizokuchota, wakaomba namba ya siri mpya.

Sasa dalili. Simu inaandika "Hakuna huduma" au "Simu za dharura pekee", na ukiizima na kuiwasha haibadiliki. Muulize wa pembeni mwenye mtandao kama wako. Yeye akiwa nayo, azima simu yake uipigie namba yako mwenyewe. Ikijibu kwamba haipatikani, huenda ni simu au laini imeharibika, ingawa hata mwizi anaweza kuwa ameizima kwa muda. Ikiita huku ya kwako mkononi imekufa, basi namba yako iko kwenye simu ya mtu mwingine. Usisubiri ihakikike zaidi.

Kwa simu hiyohiyo ya kuazima piga 100, ambayo ni huduma kwa wateja. Sema hivi: "Laini yangu imebadilishwa bila ridhaa yangu, naomba mfunge laini na akaunti ya pesa sasa hivi." Taja vyote viwili. Kisha waombe wazuie muamala wowote uliotoka leo, wakupe namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Haraka hii ina sababu: pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti iliyopokea, inaweza kuzuiwa, ikishatolewa kwa wakala, kuipata tena ni kazi nzito. Yule wa dagaa alisubiri kutoka adhuhuri hadi magharibi, na shilingi 1,800,000 zikatoka kwa mafungu matatu.

Baada ya hapo piga benki, ikiwa namba hiyo umeiunganisha nayo, kwa kuwa meseji zao za uthibitisho sasa anazipokea mwizi. Ndipo uende na kitambulisho kwenye duka la kampuni yenyewe, usiende kwa wakala wa njiani, urudishiwe laini. Polisi chukua RB. Namba iliyokupigia kwa ulaghai itume kwa meseji kwenda 15040.

Kwa sasa, kabla halijakufika, badilisha namba ya siri isiwe mwaka wala tarakimu za mwisho za simu yako. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usiyoijua ikafutwe. Ila fahamu kipimo hicho hakionyeshi laini iliyobadilishwa, maana namba bado inasomeka ni yako. Vilevile kufunga kikadi kwa namba yake ya siri hukukinga na anayekuibia simu, hakumzuii anayeomba kikadi kipya.

Mauzo ya siku yahamishie benki kila jioni, kwenye simu ubakishe ya kuzungushia biashara. Na namba ya benki yako iandike kwenye karatasi uibandike ndani ya droo ya duka, kwa sababu siku hiyo utapiga kwa simu ya mtu, na majina yako yote yamo kwenye ile iliyokufa.