Mashine ya karanga: 3% ya mauzo au 30% ya faida?

*Swali: Tuna kampuni ndogo ya siagi ya karanga hapa Kariobangi Light Industries. Tunauza milioni 2.4 kwa mwaka, faida ni kama 250,000, na tunalipa TOT, ile kodi ya mauzo. Tunataka kununua mashine ya kukaanga na kusaga kwa milioni 1.2, pesa zetu wenyewe. Itaongeza mauzo ya milioni 2.4, na baada ya karanga, stima na mishahara itatuachia 420,000 kwa mwaka kwa miaka mitano. Hiyo ni 17.5% ya mauzo, kwa hivyo nadhani TOT ni nafuu. Nimekosea? Tunataka pesa yetu izae angalau 16%.*

Dada, umekosea mahali pamoja tu, lakini ndipo penye uamuzi wote. Hiyo 17.5% bado haijalipia mashine.

Tangu Julai 2023 TOT ni 3% ya mauzo, kwa biashara inayouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kodi ya faida ya kampuni ni 30%. Katika kila shilingi 100 ya mauzo, TOT inachukua 3, na kodi ya faida itachukua 3 hizo hizo ikiwa faida ni 10. Faida ikizidi 10, TOT ni nafuu. Ikipungua, unalipishwa zaidi. Sasa pima mashine kwa maisha yake yote. Italeta mauzo ya milioni 12 na kuacha milioni 2.1. Toa milioni 1.2 ya kuinunua, inabaki 900,000, yaani 7.5% ya mauzo. Uko chini ya mstari.

TOT haitambui gharama yoyote, hata bei ya mashine. Kila mwaka itachukua 72,000 ya mauzo mapya, nawe utabaki na 348,000. Ukizirudisha pesa za miaka mitano kwenye thamani ya leo kwa 16%, unapata kama 1,139,000. Umetoa 1,200,000, kwa hivyo umepungukiwa na takriban 61,000. Kwa kipimo chako mwenyewe, mashine haifai.

Kwenye kodi ya faida, mashine ya kiwandani inakatwa nusu ya bei yake mwaka wa kwanza wa kutumika, kisha nusu iliyobaki inagawanywa sawasawa kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza unatoa 600,000 kwenye ile 420,000, na hesabu inaonyesha hasara ya 180,000. Hasara hiyo inapunguza faida ya biashara yenu ya zamani na kuwaokolea kodi ya 54,000, hivyo mkononi mnapata 474,000. Kuanzia mwaka wa pili mnatoa 150,000, kodi ni 81,000, na mnabaki na 339,000. Thamani ya leo ni kama 1,226,000. Mashine ile ile sasa inaacha ziada ya 26,000.

Hapo wengi hufunga daftari, na ni mapema mno. Huwezi kuiweka mashine kwenye kodi ya faida na kuiacha biashara ya zamani kwenye TOT. Kampuni inahama nzima. Faida yenu ya 250,000 italipa 75,000 badala ya 72,000, yaani 3,000 zaidi kila mwaka, kama 10,000 kwa thamani ya leo. Ziada inashuka hadi 16,000 na ushee. Mhasibu na utunzaji wa vitabu wakiongeza zaidi ya 5,000 hivi kwa mwaka baada ya kodi, imekwisha. Omba bei yake kwanza.

Kuna jambo moja ambalo mimi ningelipa uzito kuliko hizo elfu kumi na sita. Gunia la karanga likipanda bei hadi msibaki na kitu, kodi ya faida inashuka pamoja nanyi. TOT itadai 3% yake ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama umeuza kwa hasara. Na mkibadili nia mkakopa, riba hukatwa kabla ya kodi ya faida, ila TOT haiioni. Angalia pia mauzo yenu: milioni 4.8 iko karibu sana na milioni 5, ambapo usajili wa VAT unakuwa lazima.

Mkiamua kuhama, mwandikieni Kamishna wa KRA kwamba mmechagua kutokuwa chini ya TOT, na mfanye hivyo kabla mashine haijaanza kusaga. Mteja wangu mmoja aliniletea risiti ya mashine yake imehifadhiwa vizuri ndani ya plastiki. Alikuwa ameiwasha Novemba akiwa TOT, akahama Januari. Lile punguzo la nusu ni la mwaka wa kwanza wa matumizi, na mwaka huo ulikuwa umeshapita.