Harufu ya Mvua ya Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Jiosmini

Mwalimu, mbona mvua ya kwanza inanukia vizuri namna ile, halafu ikishanyesha wiki moja harufu inapotea? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu mvua yenyewe haina harufu. Kinachonukia ni ardhi iliyokauka, na ninyi wa Dodoma mnaikausha miezi mingi kuliko sisi wa pwani tunaopata vuli na masika.

Kiangazi chote udongo na mawe hunywa mafuta yanayotoka kwenye mimea. Watafiti wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, waliyatoa mafuta hayo kwenye mawe makavu kwa kuyapitishia mvuke, na mwaka 1964 wakaipa harufu hiyo jina la petrikori. Humo humo ardhini kuna jiosmini, ambayo ndiyo inayoleta ile harufu ya udongo hasa. Vyote viwili vimetulia tu, vinasubiri kitu cha kuvirusha hewani.

Kitu hicho ni tone. Likigonga udongo mkavu, hewa iliyo kwenye vitundu vya udongo hubanwa chini yake. Njia iliyobaki ni ya juu tu, basi hewa inapanda ndani ya tone kama viputo vya soda, inapasuka juu na kurusha chembechembe za maji ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, zikiwa zimebeba harufu. Cullen Buie na Youngsoo Joung wa chuo cha MIT walilipiga picha tukio hilo kwa kamera ya kasi, wakatangaza matokeo mwaka 2015. Waligundua kwamba manyunyu na mvua ya wastani hurusha chembe nyingi kuliko mvua kubwa, kwa kuwa tone la mvua kubwa hugonga kwa kasi mno na viputo havipati nafasi ya kuumbika.

Hapo jibu lako limeshapatikana. Ardhi iliyolowa wiki nzima vitundu vyake vimejaa maji, hakuna hewa ya kubanwa. Ukitaka kuhakikisha, jaza udongo mkavu kwenye makopo mawili, moja ulilowanishe hadi maji yatuame. Toboa kizibo cha chupa, dondoshea kila kopo matone machache kutoka usawa wa kifua, kisha inama unuse. Kopo kavu litakujibu papo hapo.

Hiyo jiosmini ni kitu gani? Tafadhali usitupe somo la kemia. (Msomaji, Morogoro)

Ni aina ya alkoholi inayotengenezwa na vijidudu, hasa bakteria wa udongoni waitwao streptomisesi. Wazee waliowahi kuchomwa sindano za streptomaisini kwa ajili ya kifua kikuu walitibiwa kwa dawa iliyotokana na ukoo huo huo. Dawa hiyo iligunduliwa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, na ni hapo hapo Nancy Gerber na Hubert Lechevalier walipoitenga jiosmini na kuipa jina mwaka 1965.

Bakteria hawa huishi kama nyuzi nyembamba ndani ya udongo. Chakula kikiisha hutengeneza spora, yaani mbegu zao, na wakati huo ndipo hutoa jiosmini. Wana sababu yao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wadudu wadogo wa udongoni waitwao kolembola huvutwa na harufu hiyo, huja kula, kisha huondoka na spora zimewanata mwilini na nyingine tumboni. Kwa hiyo harufu unayoifurahia ni mwaliko, na walioalikwa si sisi.

Hata hivyo pua zetu zinaikamata kwa wepesi sana. Wengi wetu tunainusa ndani ya maji hata ikiwa nanogramu 10 tu kwa lita. Maana yake gramu moja ingetosha kunukisha maboza 10,000 yenye lita 10,000 kila moja.

Nimetumiwa ujumbe kwamba ile harufu ni ozoni inayosafisha mapafu. Kweli? (Msomaji, Mombasa)

Si kweli. Ozoni hutokana na radi, ina ukali puani, na hudhuru mapafu. Kabla ya kusambaza jambo, someni hata mstari mmoja.

Maji ya bomba yananuka udongo tangu kiangazi kilipokolea. Wametutilia dawa nyingi? (Msomaji, Mwanza)

Swali hili haliniachi, na kila anayeliuliza ameshapata mtuhumiwa kabla ya jibu. Klorini ina harufu ya klorini. Harufu ya udongo kwa kawaida ni jiosmini iliyotolewa na bakteria wa kijani wanaostawi juu ya maji yenye joto na mbolea nyingi. Klorini haiiondoi, na ukichemsha maji utaisikia zaidi mvuke unapopanda. Kinachoinasa ni kaboni amilifu, ile ya kwenye chujio la mkaa maalumu. Mkaa wa jikoni uliosagwa haufanyi kazi hiyo ipasavyo.

Kwa kiasi kinachopatikana majini, jiosmini haijulikani kuwa na madhara. Msichanganye mambo lakini: maji yasiyonuka chochote yanaweza kukuletea kipindupindu. Harufu haipimi usalama, kwa hiyo endelea kuchemsha au kutibu maji.

Na kama una pipa lililoota ukijani nyuma ya nyumba, lifunike leo. Mbu wa Aedesi, yule wa dengi, huvutwa na jiosmini anapotafuta pa kutagia, maana kwake ni dalili kuwa viluwiluwi vyake vitapata chakula.

Kambare wa bwawani kwetu ana ladha ya tope hata nikimkaanga. Nifanyeje? (Msomaji, Kisumu)

Jiosmini imepita kwenye matamvua na kukaa kwenye mafuta ya samaki. Kumkaanga hakusaidii. Mfugaji amweke kwenye maji safi yanayotiririka siku kadhaa bila kumlisha kabla ya kumuuza. Wewe mnunuzi, toa ngozi na mafuta, kisha mloweke kwenye ndimu au siki, kwa kuwa asidi huivunja jiosmini. Bibi zetu waliotia ukwaju kwenye mchuzi wa samaki walijua wanachofanya.

Nina ujauzito wa miezi minne, mvua ikinyesha natamani kula ule udongo. Kuna ubaya? (Msomaji, Dar es Salaam)

Upo, dada. Nusa uwezavyo, usile. Jiosmini haina shida. Shida ni mayai ya minyoo, na wakati mwingine madini ya risasi. Ule wa kuuzwa sokoni, uliokaushwa na kuchongwa vipande, nao haujapimwa na mtu. Tena hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo nenda kliniki wapime wekundu wa damu yako wiki hii.

Naweza kuinunua harufu hiyo kwenye chupa? (Msomaji, Zanzibar)

Unaweza. Mji wa Kannauj, India, hutengeneza atari ya udongo: vipande vya udongo uliochomwa huwekwa na maji kwenye chungu cha shaba, kinafunikwa na kuzibwa, kinachemshwa, na mvuke unapitishwa kwenye bomba la mwanzi hadi kwenye chombo chenye mafuta ya msandali. Mafuta hayo ndiyo yanayobaki na harufu. Msandali halisi ni ghali, kwa hiyo ukiuziwa chupa kubwa kwa bei ya sabuni, umeuziwa manukato ya maabara.