Roshani Kwanza, Rangi Mwisho: Kusoma Ukoloni Katika Picha ya Mji wa Kale

Watu wakinionyesha picha ya mtaa wa kale na kuniuliza nani aliutawala, mara nyingi wameshajijibu kwa rangi. Ukuta wa manjano na madirisha ya kijani? Lazima ni Wafaransa. Mimi rangi naiweka mwisho kabisa, kwa sababu ukuta hupakwa upya mara nyingi na mwenye nyumba huchagua anachokipenda. Naanza na roshani.

Chukua picha ya mtaa wa French Quarter, New Orleans, ambayo nimewahi kuijadili na watu wengi. Nyumba ya kwanza ni ya matofali yaliyopigwa lipu ya manjano, ina duka chini na ghorofa mbili juu. Kando yake kuna njia yenye tao inayoingia hadi uani. Roshani yake ni nyembamba, mtu mmoja na kiti chake, na imeshikiliwa na vyuma vilivyochomekwa ukutani. Nyumba ya pili ina roshani pana inayofunika njia ya waenda kwa miguu yote, imeegemea nguzo, na imejaa nakshi za chuma kama kitambaa cha kufuma.

Jina la mtaa linasema Wafaransa, na kweli ndio walioupanga mji. Lakini Ufaransa iliikabidhi Louisiana, koloni lenye mji huo, kwa Hispania mwaka 1762, na moto wa 1788 na wa 1794 uliteketeza sehemu kubwa ya nyumba za mbao. Baada ya hapo utawala wa Kihispania ulidai kuta za matofali na paa zisizoshika moto kwa urahisi. Ukuta uliopigwa lipu, tao na ua wa ndani vinatokana na ujenzi wa wakati huo. Majengo ya enzi ya Ufaransa yaliyosalia ni machache sana. Maarufu zaidi ni nyumba ya watawa wa Ursula, na ukuta wake wa mbele hauna roshani hata moja.

Sasa kuza picha uangalie chuma chenyewe. Kwenye roshani nyembamba utaona fito zilizopindwa kwa nyundo na kuunganishwa kwa vikuku au ribiti. Mkunjo mmoja haufanani sawasawa na wa jirani yake. Hicho ni chuma cha mhunzi, na ndicho kinachoendana na nyumba za wakati wa Wahispania. Kwenye roshani pana, ua au jani lilelile linajirudia bila tofauti yoyote, nene na la mviringo. Hicho kimemiminwa kwenye kalibu. Mtindo huo ulipata nguvu kwa majengo ya Pontalba, yaliyojengwa kati ya 1849 na 1851, ambayo nakshi zake zina herufi A na P zilizofungamana, za majina ya ukoo Almonester na Pontalba. Wakati huo mji ulikuwa wa Marekani tangu 1803. Kwa hiyo sehemu ile ambayo watu huiona ya Kifaransa kuliko zote ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Tena nakshi za kalibu ziliweza kufungwa kwenye nyumba ya zamani zaidi, hivyo usiipe nyumba nzima umri wa roshani yake.

Mbawa za madirisha zinasema zaidi kuhusu hali ya hewa kuliko bendera. Luva huingiza upepo na kuzuia jua, na mbawa za mbao nzima huzuia wezi na tufani, kwa hiyo wakoloni wa kila taifa walizitumia kwenye nchi za joto. Kinachonisaidia ni kupima: je, mbawa mbili zikifungwa zitaziba dirisha lote? Kuna bawaba, na kuna kishikio cha kuzizuia zisipigwe na upepo? Kama kila ubawa ni mwembamba kuliko nusu ya dirisha na umepigiliwa ukutani, ni pambo la juzi, usiutumie kama ushahidi.

Rangi huwa na maana pale tu inapokuwa na historia iliyoandikwa. Willemstad, mji uliotawaliwa na Waholanzi kisiwani Curaçao katika Karibi, ni mfano mzuri. Mwaka 1817 gavana Albert Kikkert alipiga marufuku kuta nyeupe, akidai mng'ao wake unaumiza macho, ndipo mji ukajaa manjano, waridi na samawati. Lakini hata huko, kinachomtambulisha Mholanzi ni ncha za kuta za mbele zilizopinda juu ya paa, nazo ungeziona hata katika picha isiyo na rangi. Ndiyo maana nashauri ugeuze picha yako iwe nyeusi na nyeupe kabla ya kuanza, kisha urudishe rangi baada ya kumaliza paa, roshani na madirisha.