Ushuru nimelipa benki, mbona deni bado lipo?

Kabla sijaanza, lugha yetu hii ina vituko, pesa anazotoa mpangaji ni kodi na pesa za serikali pia ni kodi, kwa hivyo leo nikisema kodi najua ni ya mpangaji na nikisema ushuru ni ile ya KRA, tusichanganyane.

Mie nina vyumba vinne Maweni hapa Malindi, alituachia marehemu baba, kila kimoja natoza 9,000 kwa mwezi. Hiyo ni 36,000, na kwa mwaka inapita 288,000 ambayo ndio mpaka wa kuanza kulipa ule ushuru wa kodi za nyumba wa kila mwezi. Kiwango ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, mbele yake ilikuwa 10, na inapigwa kwa kodi yote iliyoingia, sio kwa kilichobaki baada ya kubadilisha mabati na kumlipa fundi bomba. Kwa hivyo zangu ni 2,700 kila mwezi, na mwisho wa kulipa ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Sasa ya Julai 2024 nikalipa Jumatatu tarehe 19 Agosti, siku moja kabla, najiona mjanja. Mtoto wa dadangu ndio huwa ananisaidia na kompyuta lakini siku hiyo alikuwa Mombasa, nikaenda saiba, kijana akanifungulia iTax, ule mtandao wa KRA, akajaza ritani ya Julai sawasawa kabisa, halafu akanitolea karatasi ya kupeleka benki. Nikapanga laini, nikalipa, nikagongewa muhuri, nikaenda zangu sokoni.

Miezi miwili baadae naletewa imeli kwamba nadaiwa ya Julai, 2,700 na faini juu yake. Faini ni asilimia 5 ya ushuru, yani 135, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, shilingi 27. Pesa si nyingi lakini nilikasirika wallahi, manake nililipa kwa mkono wangu!

Nikaenda kwa afisa wao, akaniangalizia, akanigeuzia skrini: "Mama, malipo yako yapo, lakini yameingia Juni."

Juni nilishailipa Julai. Kwa hivyo Juni ilikuwa imelipwa mara mbili na Julai haina kitu, na ile mashine haina akili ya kusema ah huyu alikusudia Julai.

Hapo ndipo nilipoelewa ile PRN, namba iliyo kwenye ile karatasi ya kupeleka benki, ni kitu gani. Mie nilidhani ni namba ya foleni tu, kumbe ndio inayobeba habari zote. Ukienda benki hulipi "KRA" hivi hivi, unalipa hiyo namba, na ndani yake kumeshaandikwa PIN yako ya KRA, aina ya ushuru, mwezi gani na kiasi gani. Benki haijui na wala haiulizi hizo pesa ni za nini. Keshia anapiga namba, linatoka jina na kiasi, anapokea, kwisha. Kosa likishaingia wakati wa kutengeneza namba hakuna mtu wa kulikamata tena isipokuwa wewe mwenyewe.

Kwa hivyo sasa natengeneza PRN mwenyewe na kijana namwambia asinisaidie, aniangalie tu. Kwanza ritani, halafu naenda `Payments`, `Payment Registration`. Kwenye `Tax Head` nachagua `Income Tax`, chini yake `Tax Sub Head` nachagua ile ya `Rent Income`, sio ile ya wakaazi wa kawaida ambayo vidole huipenda sana, na `Payment Type` naweka `Self Assessment Tax`. Halafu pale kwenye `Tax Period` ndipo nilipoumia. Mwezi unaowekwa ni mwezi wa kodi, sio mwezi unaolipa. Niko Agosti, kodi ni ya Julai, naweka Julai. Yule kijana nadhani ule mwezi wa juu ulijichagua tu na yeye akaendelea, sijui, mie sikuwa nimetazama.

Ukimaliza inatoka karatasi, wenyewe wanaiita e-slip. Usiikunje ukaiweka kwenye mkoba. Isome hapo hapo saiba kabla hujalipia printi: PIN yangu? Rent? Julai? 2,700? Ina na tarehe yake ya mwisho pia, ikipita hiyo namba imekufa, unatengeneza nyengine. Ukiona kosa kabla ya kulipa huna hasara, iache hiyo itakufa yenyewe na utengeneze mpya. Ukishalipa ndio kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa hivi. Afisa akaniambia niandike barua kuomba zile 2,700 zihamishwe kutoka Juni kwenda Julai, niambatanishe e-slip na risiti ya benki. Nikaja nyumbani nikatafuta risiti. Nikaipata, nyeupe pe! Zile karatasi za mashine, kwa joto letu hili na mkoba uliokaa juu ya friji, zinafutika kama hazikuwahi kuandikwa. Ukiinamisha kwenye mwanga unaona kivuli cha namba mbili tatu.

Kilichoniokoa ni kwamba yule keshia, Mungu ambariki, aligonga muhuri na ile e-slip yenyewe akatia sahihi na tarehe. Nikairudisha benki, kwa ile PRN na tarehe 19 Agosti na kiasi wakatafuta na kunichapishia upya. Bila PRN na tarehe angeanzia wapi, keshia kwa siku hupokea watu wangapi.

Barua ikaenda, ikachukua wiki kadhaa na mie kupiga simu. Walipohamisha, tarehe ya malipo ikabaki ile ya benki, 19 Agosti, kwa hivyo ikahesabika nililipa kabla ya siku na ile faini ikaondoka. Risiti isingeonyesha tarehe sijui ningesema nini.

Siku hizi kaunta naomba mihuri miwili, kwenye risiti na kwenye e-slip, wengine wananikunjia uso lakini wanagonga. Sitoki benki kabla sijalinganisha PRN ya risiti na ya e-slip, tarakimu kwa tarakimu, kwa kidole kabisa. Nikitoka nje napiga picha zote mbili na kujitumia kwenye imeli yangu mwenyewe, kichwa cha habari naandika "Julai, vyumba, 2700". Karatasi nazitoa fotokopi, fotokopi haifutiki, zinaingia faili la mwaka na zinakaa miaka 5, ndio muda ambao sheria inataka uweke rekodi.

Baada ya siku mbili tatu naingia tena iTax naangalia leja. Hili wengi hawalifanyi, wanaona muhuri wa benki wanajua yameisha. Muhuri unasema benki imepokea, leja ndio inasema KRA wamepokea na wameiweka mwezi gani. Ikiwa haijaingia narudi benki na PRN, manake kukwama kunaweza kuwa kwao. Ikiwa imeingia mwezi mwengine, barua siku hiyo hiyo, sio nisubiri imeli. Kwa mwezi huu nimeangalia juzi usiku, umeme ukiwepo: 2,700, mwezi sawa, deni sufuri.