Kwa nini asteroidi haiwezi kusukumwa dakika za mwisho

Swali: Nasikia siku hizi wanaweza kutumia chombo cha angani kugonga asteroidi, gimba la mawe linalolizunguka Jua, ikabadili njia isiigonge Dunia. Sasa kama uwezo upo, haraka ya nini? Si wangesubiri ikaribie ndipo waigonge, hata ikibaki wiki moja?

Jibu: Wiki moja haifui dafu, kwa sababu msukumo wenyewe ni mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART, chenye uzito wa takriban kilo 580, kiliigonga Dimorphos, asteroidi yenye upana wa mita 150 hivi, kwa mwendo wa kilomita 6 kwa sekunde. Matokeo? Kasi ya Dimorphos ilibadilika kwa takriban milimita 3 kwa sekunde, basi. Na sehemu kubwa ya badiliko hilo haikutoka kwenye chombo chenyewe, bali kwenye mawe na vumbi lililorushwa nje na kuisukuma asteroidi upande wa pili.

Kinachoukuza msukumo huo ni muda. Tuseme tumeigonga asteroidi na kuiongezea kasi ya sentimita 1 kwa sekunde, kuelekea kule inakokwenda. Njia yake ya kulizunguka Jua inapanuka kidogo, hivyo kila mzunguko unachukua muda mrefu zaidi na ucheleweshaji unajilimbikiza. Kwa makadirio ya kawaida, baada ya miaka 10 itakuwa imeachana na mahali ilipopaswa kuwa kwa kilomita 9,000 na zaidi. Nusu kipenyo cha Dunia ni kilomita 6,371, kwa hiyo hata iliyokuwa inalenga katikati yetu inaweza kupita pembeni. Ukibakiwa na mwaka 1 tu, msukumo uleule unakupa chini ya kilomita 1,000.

Utasema, basi tuigonge kwa nguvu zaidi. Tatizo ni kwamba asteroidi nyingi si mwamba mmoja, ni rundo la mawe yaliyoshikana kwa mvutano hafifu. Ukizidisha kipigo linaweza kupasuka, na badala ya kufuatilia kitu kimoja unafuatilia vipande ambavyo vingine bado vinakuja kwetu.

Kuigundua mapema nako hakutoshi, lazima pia ujue kwa uhakika inakoelekea. Asteroidi 2024 YR4 iligunduliwa Desemba 2024, siku mbili baada ya kutupita kwa karibu, ikiwa inaondoka. Februari 2025 uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2032 ulifika takriban asilimia 3, kisha vipimo zaidi vikaondoa hatari hiyo. Lakini kama vipimo hivyo visingetosha, ingebidi kusubiri hadi 2028 itakaporudi kuonekana vizuri. Hapo ingebaki miaka 4 ya kubuni chombo, kukiunda, kukirusha, kukifikisha, na kuuacha msukumo ufanye kazi yake. DART pekee ilisafiri miezi 10 kufika kwa shabaha iliyokuwa rahisi kufikika.